Kabla Hujaiweka Bahasha ya Hisa Chini ya Kitambaa cha Meza

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, anakaa Morogoro. Jioni moja alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa njiani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sikia, ile kampuni imeniongezea hisa mia nne. Ukija wikiendi unisomee barua, Kiingereza chao kimejaa sheria."

Nilipofika, aliinua kitambaa cha plastiki cha mezani akatoa bahasha, imelala pamoja na risiti za umeme na kadi ya kliniki. Ndani mlikuwa na fomu ya kurasa mbili. Juu: hisa ulizonazo, 2,000. Chini yake: hisa unazostahili, 400. Mstari wa tatu, ambao mjomba hakuutilia maanani, ulikuwa na kiasi cha pesa anachotakiwa kulipa. Mstari wa nne ulikuwa na tarehe ya mwisho, nayo ilikuwa imepita siku tisa.

Hakuongezewa chochote. Aliulizwa swali, na kwa kukaa kimya akawa amejibu. Lakini simlaumu, kwa sababu miaka michache kabla kampuni hiyohiyo ilimpa hisa za bonasi, na barua ya bonasi nayo ilikuwa na mistari miwili ya mwanzo kama hii: hisa ulizonazo, hisa mpya. Ile aliiweka chini ya kitambaa, na hisa zikaingia zenyewe kwenye akaunti. Angejuaje kwamba hii ni mnyama mwingine?

Barua ya aina hii ikikufikia, usianze na idadi ya hisa mpya. Anza na swali moja: je, wanataka pesa kutoka kwangu? Kama hawataki, hiyo ni bonasi au ni mgawanyo wa hisa, na unaweza kuendelea kunywa chai. Kama wanataka, hiyo ni hisa stahiki, yaani unapewa haki ya kununua hisa mpya kabla ya watu wengine, kwa bei iliyopangwa, kwa uwiano wa ulizonazo. Hapo chai iache ipoe.

Nianze na zile mbili zisizodai kitu, kwa kuwa hazina mengi.

Mgawanyo wa hisa ni sawa na kwenda dukani na noti ya elfu kumi ukabadilishiwa noti kumi za elfu moja. Mwaka 2009 Equity Bank ya Kenya iligawa kila hisa moja kuwa kumi. Thamani iliyoandikwa kwenye hisa ilishuka kutoka shilingi 5 za Kenya hadi senti 50, na hisa zote za benki zikatoka milioni 370 hivi hadi bilioni 3.7. Aliyekuwa na hisa 100 aliamka na hisa 1,000. Benki haikupata hata shilingi moja, naye hakupata hata shilingi moja. Alikuwa anamiliki fungu fulani la benki, na baada ya mgawanyo alimiliki fungu lilelile, limekatwa vipande vidogo zaidi.

Kwa nini basi kampuni zinahangaika? Kwa sababu bei ya hisa moja ikipanda sana, mwenye kipato cha kawaida anaogopa hata kuuliza. Bei ikishuka mara kumi, wengi zaidi wanaweza kununua, na mwenye hisa akitaka kuuza kidogo ili alipe ada ya mtoto, anauza kidogo kweli. Faida hiyo ipo, lakini ni ya urahisi wa kuuza na kununua. Soko la Nairobi liliwahi kushikwa na homa ya migawanyo, hasa mwaka 2006 na 2007, na watu wakawa wananunua hisa kwa sababu tu zimetangazwa kugawanywa. Mimi sijawahi kuona sababu ya kumlipa mtu zaidi kwa noti kumi za elfu moja kuliko kwa noti moja ya elfu kumi.

Bonasi inafika palepale kwa njia nyingine. Kampuni huwa na faida za miaka iliyopita ambazo haikuzigawa. Zimekaa kwenye vitabu kama akiba. Wakurugenzi wanapendekeza, wanahisa wanapitisha kwenye mkutano mkuu, kisha sehemu ya akiba hiyo inahamishiwa kwenye mtaji wa hisa na hisa mpya zinatolewa kwa waliopo bila malipo. Pesa haijatoka nje ya kampuni wala haijaingia. Akiba hiyo tangu mwanzo ilikuwa ya wanahisa. Kilichobadilika ni kwamba imefungiwa ndani: ikishakuwa mtaji, kampuni haiwezi tena kuichota na kuigawa kama gawio. Kwa hiyo anayesema bonasi ni zawadi, namuuliza zawadi imetoka kwa nani.

Hata hivyo kuna mahali ambapo bonasi inaweza kukuongezea pesa kweli, nako ni kwenye gawio la mwaka unaofuata. Co-operative Bank ya Kenya ilitoa bonasi mwaka 2017, hisa moja mpya kwa kila tano, na hisa zake zote zikatoka bilioni 4.89 hadi bilioni 5.87. Gawio la mwaka wa fedha 2016 lilikuwa senti 80 kwa hisa. Mwaka uliofuata lilikuwa tena senti 80 kwa hisa. Mtu akisoma gazeti harakaharaka anasema gawio halikupanda. Lakini mwenye hisa 1,000 aliyepata shilingi 800 mwanzoni sasa ana hisa 1,200, na anapata shilingi 960. Benki imetoa mfukoni asilimia 20 zaidi bila kubadilisha ile namba inayotangazwa. Kama ingepunguza gawio hadi senti 67 hivi, mwanahisa angebaki na shilingi zilezile 800 na bonasi ingekuwa karatasi tu.

Kwa hiyo ukipata bonasi, subiri gawio ndipo ushangilie. Zidisha gawio jipya kwa hisa zako mpya, linganisha na jumla ya mwaka jana, na jibu litakuwa wazi.

Kuna kosa moja linalojirudia baada ya bonasi na mgawanyo, nalo ni hofu. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya bonasi, bei yake hushuka. Baada ya bonasi ya moja kwa tano, mtu anafungua simu anakuta hisa yake ya shilingi 600 imekuwa 500, na kwenye mgawanyo wa kumi kwa moja anakuta imekuwa 60. Grafu zisizorekebishwa zinaonyesha mporomoko ambao haukutokea. Nimemwona mtu akiuza kwa hasira siku hiyohiyo, kabla hisa zake za bonasi hazijaingia kwenye akaunti. Angezidisha tu: hisa 1,000 kwa 600 ni 600,000, hisa 1,200 kwa 500 ni 600,000.

Sasa tuje kwenye ile bahasha ya mjomba.

Nitaifanya hesabu kwa toleo linalofahamika na Watanzania wengi. Mwaka 2015 Benki ya CRDB ilitoa hisa stahiki, moja mpya kwa kila tano, kwa shilingi 350. Kabla ya hapo hisa zote za benki zilikuwa 2,176,532,160. Moja ya tano yake ni hisa milioni 435 na ushei, na ukizidisha kwa 350 unapata kama shilingi bilioni 152. Hapa pesa inaingia kweli ndani ya kampuni, na inatoka kwa wanahisa. Hiyo ndiyo tofauti yote na bonasi.

Chukua mwanahisa mwenye hisa 1,000. Anastahili hisa 200, na akizitaka zote atalipa shilingi 70,000. Tuseme siku ya mwisho kabla daftari la wanahisa halijafungwa, hisa moja sokoni ilikuwa shilingi 410. Bei hiyo naiweka mimi ili hesabu itoke vizuri, usiichukue kama kumbukumbu ya soko la siku hiyo.

Swali la kwanza: baada ya toleo, hisa moja inapaswa kuwa na thamani gani? Chukua hisa tano za zamani kwa bei ya sokoni, ongeza moja mpya kwa bei ya toleo, gawanya kwa sita:

(5 × 410 + 1 × 350) ÷ 6 = 2,400 ÷ 6 = 400

Kwa hiyo hisa inatarajiwa kushuka kutoka 410 hadi 400. Haijashuka kwa sababu kampuni imeharibika. Imeshuka kwa sababu hisa mpya zimeingia kwa bei ya chini, zikachanganyika na za zamani kama chai iliyoongezwa maji. Na ile haki ya kulipa 350 kwa kitu cha 400 ina thamani yake yenyewe: shilingi 50 kwa kila hisa mpya. Haki hiyo ni mali. Wengi hawalijui hili, na ndiyo maana bahasha zinalala mezani.

Sasa mwanahisa wetu ana njia kadhaa. Kabla ya toleo alikuwa na mali ya shilingi 410,000 kwenye hisa zake.

Akilipa zote, anakuwa na hisa 1,200 zenye thamani ya 480,000. Ondoa 70,000 aliyotoa mfukoni, unabaki na 410,000. Hakupata wala hakupoteza, na fungu lake la benki ni lilelile.

Akiuza haki zake zote 200 kwa shilingi 50, anapata 10,000. Hisa zake 1,000 sasa ni 400,000. Jumla 410,000. Hapa pia hakupoteza pesa, ila fungu lake limepungua kwa moja ya sita, kwa sababu wengine wameongeza hisa naye amebaki na zake.

Akifanya alivyofanya mjomba, anabaki na hisa 1,000 za shilingi 400. Mali yake ni 400,000. Shilingi 10,000 zimeyeyuka, na fungu limepungua vilevile. Zimekwenda wapi? Fomu nyingi za hisa stahiki huwa na sehemu ya kuomba hisa za ziada, zile ambazo wengine hawakuzichukua. Aliyejaza sehemu hiyo akalipa 350 kwa kitu cha 400 ndiye aliyezipata. Kwa maneno mengine, anayelala humlipia aliye macho.

Njia ya nne wachache wanaifahamu, nayo inamfaa anayetaka kubaki kwenye kampuni lakini hana pesa mkononi. Unauza baadhi ya haki, na kwa pesa hiyo unalipia hisa za haki zilizobaki. Kwa mwanahisa wetu, akiuza haki 175 kwa shilingi 50 anapata 8,750. Zimebaki haki 25, na 25 mara 350 ni 8,750 kamili. Anamaliza na hisa 1,025 bila kutoa hata senti, na 1,025 mara 400 ni 410,000. Fungu lake linapungua, lakini si sana kama angeuza zote, wala hakuna kilichopotea njiani. Kupata idadi ya kuuza, zidisha haki zako zote kwa bei ya toleo, kisha gawanya kwa bei ya toleo ukijumlisha na bei ya haki: 200 × 350 ÷ 400 = 175.

Hapo mtu huniuliza: je, toleo likiwa na punguzo kubwa si bora zaidi? Sikiliza hili, maana ndilo linalowapotosha hata wasomi. Tuseme benki ingeuza hisa zilezile kwa 200 badala ya 350. Bei ya baadaye ingekuwa (2,050 + 200) ÷ 6, yaani 375. Haki moja ingekuwa na thamani ya 175. Anayelipa bado angebaki na alichokuwa nacho: hisa 1,200 kwa 375 ni 450,000, ondoa 40,000 alizolipa, unarudi 410,000 ileile. Lakini anayelala angepoteza shilingi 35,000 badala ya 10,000. Punguzo linalotangazwa kwa mbwembwe halitoki kwa kampuni. Linatoka kwenye hisa zako za zamani, na linakurudia ukilipa au ukiuza haki. Punguzo likiwa kubwa, ujue kimya chako kitakuwa ghali zaidi.

Hizo ni hesabu za karatasi, na soko lina tabia zake. Bei ya 400 ni matarajio. Siku ya kwanza ya biashara inaweza kuwa 385 au 415. Haki zenyewe, ukizipeleka kwa wakala wa soko la hisa, mara nyingi huuzwa chini ya thamani ya hesabu, kwa sababu huwa na siku chache za kuishi na wanunuzi si wengi, hasa katika masoko yetu ambapo siku nzima inaweza kupita bila kampuni fulani kupata mnunuzi. Wakala naye ana kamisheni yake. Kwenye hisa 200 kamisheni inaweza kula sehemu kubwa ya pesa, kwa hiyo ulizia kwanza kabla hujasaini. Halafu si kila toleo huruhusu haki kuuzwa. Waraka wa toleo unasema, na ukurasa wa kuutafuta ni ule wenye ratiba: siku ya kufunga daftari, siku haki zinapoanza kuuzwa, siku ya mwisho ya kuziuza, siku ya mwisho ya kulipa. Kumbuka kwamba siku ya mwisho ya kuuza haki hutangulia ile ya kulipa. Aliyeiona tarehe moja tu kwenye fomu huwa ameiona ile ya kulipa, na akienda kwa wakala kuuza anaambiwa amechelewa.

Na kuna hali moja ambapo hesabu yote inageuka: bei ya sokoni ikishuka chini ya bei ya toleo kabla dirisha halijafungwa. Haki hiyo haina thamani. Hakuna mwenye akili timamu anayelipa 350 kwa kitu kinachouzwa 340 kwa wakala yuleyule. Ukiitaka kampuni, kanunue sokoni. Fomu iache ife. Kwa hiyo usikimbilie kulipa siku ya kwanza. Dirisha huwa wazi kwa siku kadhaa, na bei ya siku za mwisho inakueleza jambo ambalo bei ya siku ya kwanza haikulijua. Ila usivute hadi siku ya mwisho yenyewe, maana malipo ya benki yana tabia ya kukwama siku unayoyahitaji.

Hadi hapa nimeongelea hesabu ya kutopoteza. Kuna swali kubwa zaidi ambalo hesabu haiwezi kulijibu: je, kampuni hii inastahili pesa zaidi kutoka kwangu? Bonasi na mgawanyo havikuulizi hivyo kamwe. Hisa stahiki inakuuliza kila mara.

Tazama Kenya Airways mwaka 2012. Hisa zake zilikuwa 461,615,484. Ilitoa hisa stahiki 16 mpya kwa kila 5, kwa shilingi 14 za Kenya. Usome uwiano huo taratibu: si moja kwa tano, ni kumi na sita kwa tano. Mwenye hisa 500 aliambiwa anastahili 1,600, na bili yake ilikuwa shilingi 22,400. Shirika lilitaka shilingi bilioni 20.7 kwa mpango wake wa kupanua safari na kununua ndege. Wanahisa wengi hawakulipa. Zilichukuliwa takriban asilimia 70 ya hisa, zikaingia kama bilioni 14.5, na hisa zote zikawa 1,496,469,034.

Kwa asiyelipa, kila sehemu 100 alizomiliki za shirika zilibaki kama 31. Hapo fungu halikupungua kwa moja ya sita kama kwenye mfano wetu wa benki. Zaidi ya theluthi mbili ziliondoka. Uwiano wa toleo ndio unaokueleza ukubwa wa pigo, na unaweza kuupima kichwani: jumlisha hisa za zamani na mpya kwenye uwiano, 5 na 16 ni 21, kisha 5 gawanya kwa 21. Watu wote wakilipa isipokuwa wewe, unabaki na chini ya robo ya fungu lako la zamani.

Lakini je, waliolipa walifaulu? Walilinda fungu lao. Ila fungu la nini? Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7, na Julai 2020 hisa zake zilisimamishwa kuuzwa sokoni, zikarudi Januari 2025. Aliyelipa bili yote mwaka 2012 alihifadhi asilimia yake kwa uaminifu na akapoteza pesa nyingi kuliko jirani yake aliyekataa. Kulinda fungu si sawa na kulinda pesa. Wapo wanaokushauri ulipe kila mara ili usipunguziwe, na mimi siwafuati.

Kwa hiyo nikishapata waraka, baada ya ratiba natafuta aya inayosema pesa itatumika wapi. Benki inayoongeza mtaji ili ikopeshe zaidi inaeleweka, kwa sababu Benki Kuu huzipima benki kwa uwiano wa mtaji na mikopo, na benki inayokua lazima iongeze mtaji wake kwa faida au kwa pesa za wanahisa. Kampuni inayokusanya pesa ili ilipe madeni ya zamani inanifanya nisome hesabu za miaka mitatu iliyopita kabla sijagusa kalamu. Kisha natazama wanahisa wakubwa. Waraka huwa unaeleza kama wameahidi kuchukua hisa zao. Wakiwa wanaijua kampuni kutoka ndani na hawataki kuweka pesa, mimi ninayeijua kupitia magazeti nina haraka gani?

Jambo moja la ofisini. Haki humfuata aliyeandikwa kwenye daftari siku linapofungwa, wala si aliyenunua jana yake. Ununuzi sokoni huchukua siku za kazi kukamilika, kwa kawaida tatu, kwa hiyo anayenunua mkesha wa kufungwa kwa daftari akitarajia haki atakuta haki zimebaki kwa aliyemuuzia. Na kama hisa bado ziko kwa jina la marehemu, haki zinakwenda kwa marehemu, na dirisha la wiki chache haliwezi kusubiri mirathi ya miezi. Familia nyingi hupoteza hapo bila kujua kwamba kulikuwa na kitu cha kupoteza.

Mwisho ni daftari lako mwenyewe, la kaunta la kawaida linatosha. Kila tukio libadilishe bei yako ya wastani. Ulinunua hisa 1,000 kwa 300, ulitumia 300,000. Ukipata bonasi ya moja kwa tano, pesa ni ileile lakini hisa ni 1,200, kwa hiyo kila moja sasa imekugharimu 250. Ukilipa hisa stahiki 200 kwa 350, umetumia 370,000 kwa hisa 1,200, yaani 308 na senti. Aliyeuza haki aandike pesa aliyopata, aitoe kwenye gharama. Usipofanya hivi, baada ya miaka mitano utaangalia bei ya 280 ukaona hasara ya shilingi 20 kwa hisa uliyoinunua 300, kumbe ulipata bonasi katikati na una faida ya 30.

Mjomba tulimpeleka kwa wakala mwezi uliofuata. Ilibainika kwamba barua zake zote zilikuwa zinapelekwa kwenye sanduku la posta la shule aliyostaafu, zinakaa kwa katibu hadi apatikane mtu wa kuzileta. Tukajaza fomu ya kubadilisha anwani, tukaweka namba ya simu yake na baruapepe ya binti yake. Dada wa kaunta akauliza kama alifute sanduku la shule.

"Liache, binti yangu," mjomba akasema. "Pale wananijua."

Tukaliacha, likawa anwani ya pili.